Usiku wa Kuamkia Mradi: Kuweka Windows Upya Bila Kupoteza Kazi

Laptopu ikikataa kuwaka usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha mradi, usianze kwa kutafuta Windows. Anza kwa kujiuliza kesho asubuhi unadaiwa nini hasa. Mwalimu hataki kuona Windows yako. Anataka ripoti, programu inayofanya kazi, na data ndani yake. Vitu hivyo bado vimo ndani ya diski, hata kama mfumo umeharibika kabisa. Vitapotea pale tu utakapovipoteza wewe, na mara nyingi mtu huvipoteza katika saa ya kwanza ya haraka, akibonyeza kila kitufe kinachojitokeza.

Tuchukue mfano wa msichana, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayekaa Carama, kaskazini mwa Bujumbura. Mradi wake ni programu ya kikundi cha kuweka na kukopa: wanachama, michango, mikopo, marejesho. Ameiandika kwa PHP, hifadhidata yake inaendeshwa na XAMPP, na ripoti yake iko kwenye Word. Anatakiwa kuwasilisha saa mbili asubuhi. Laptopu ni HP iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, ina Windows 10 ya Kifaransa, na betri yake ilishakufa siku nyingi: chaja ikichomoka, kioo kinazima papo hapo. Jioni hiyo Windows ilikuwa ikiweka masasisho, umeme ukakatika. Uliporudi saa moja na nusu usiku, kioo kiliandika `Préparation de la réparation automatique`, kikazunguka, kikajizima, kikaanza tena. Hivyo hivyo mara kadhaa.

Akimpigia rafiki, ataambiwa “weka Windows upya, ni dakika thelathini tu.” Dakika thelathini si uongo, kwenye diski ya SSD na umeme usiokatika. Lakini kuna kazi mbili kabla ya hapo, na hizo ndizo zitakazoamua kama kesho atakuwa na cha kuonyesha.

Jaribu jambo moja tu kabla ya kuamua

Mashine inayozunguka hivyo, baada ya kushindwa mara mbili au tatu, kwa kawaida hukuletea kioo cha buluu chenye machaguo. Ingia `Dépannage`, kisha `Options avancées`, kisha `Désinstaller des mises à jour`, na uchague kuondoa sasisho la mwisho la aina ya `qualité`. Kwa kuwa tatizo lilianza umeme ulipokatika katikati ya sasisho, hili ndilo jaribio lenye maana. Mengine yaliyo kwenye kioo hicho yanaweza kukulia saa nzima, na mwisho wake ukaambiwa haikuwezekana.

Ipe dakika ishirini. Ikirudi, vizuri, nakili kazi yako kwenye flashi, endelea na mradi, na suala la Windows uliahirishe hadi wiki ijayo. Isiporudi, acha. Msichana wetu alijaribu, akaambiwa sasisho haliwezi kuondolewa. Ilikuwa inakaribia saa mbili na nusu.

Usiguse `Réinitialiser ce PC`, hata kama ndani yake kuna maneno matamu ya `Conserver mes fichiers`. Si njia mbaya kwa mtu mwenye umeme wa uhakika. Ila kwa kawaida inafanya kazi kwa vifaa vilivyo ndani ya diski ileile inayofanyiwa ukarabati, na ikikatwa katikati inaweza kukuacha na mashine isiyo na Windows ya zamani wala mpya. Kwa mtu wa Carama mwenye betri iliyokufa, kuweka mfumo kutoka kwenye flashi ni salama zaidi: umeme ukikatika unaanza tena kutoka mwanzo, na flashi haijadhurika.

Kazi yako iko wapi?

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mtu ananakili `Documents` na `Bureau`, anashusha pumzi, anafuta diski, kisha anakumbuka kwamba hifadhidata haikuwa huko.

Mradi wa XAMPP unakaa sehemu mbili. Kodi za PHP ziko `C:\xampp\htdocs`. Data yenyewe, yaani wanachama wote na michango yote, iko `C:\xampp\mysql\data`. Ndani ya folda hiyo ya `data` kuna folda moja yenye jina la hifadhidata yako, na hapo pana mtego: ukinakili folda hiyo peke yake, utajiona umeokoka. Ukiirudisha kwenye XAMPP mpya, majina ya majedwali yatatokea kwenye orodha kama kawaida, lakini ukifungua jedwali unapata ujumbe wa namba 1932 unaosema jedwali halipo kwenye injini. Sababu ni kwamba majedwali ya aina ya InnoDB, ambayo ndiyo ya kawaida, yana rejista yake kwenye faili liitwalo `ibdata1`, lililoko nje ya folda yako, hatua moja juu. Bila rejista hiyo, seva inaona mafaili lakini haiyatambui. Kwa hiyo nakili folda nzima ya `data`, usichague.

Halafu kuna ripoti. Kama Word ilikuwa wazi umeme ulipokatika, aya zako za mwisho huenda hazimo kwenye faili uliloliweka `Documents`. Word hujitunzia nakala ya dharura yenye kiambishi `.asd`, kwa kawaida ndani ya `AppData\Roaming\Microsoft\Word`, katika folda ya jina lako. `AppData` imefichwa, na wengi huiruka kwa sababu ni nzito na imejaa takataka. Iruke, lakini hiyo folda moja ichukue.

Kuitoa kazi kutoka kwenye mashine isiyowaka

Huhitaji mashine ya pili kwa hatua hii. Kwenye kioo kilekile cha buluu, ingia `Dépannage`, `Options avancées`, halafu `Invite de commandes`. Ukiulizwa kibodi, chagua inayolingana na herufi zilizochapwa kwenye vitufe vyako, si lugha ya kioo. Bujumbura kibodi nyingi ni za Kifaransa, lakini mashine zilizoshatumika zinatoka kila pembe ya dunia, na ukikosea hapa, `a` itatoka `q`, na nenosiri lako sahihi litakataliwa. Kwenye kibodi ya Kifaransa mkwaju wa kinyume `\` unapatikana kwa AltGr na 8.

Ukiombwa ufunguo wa tarakimu 48, diski yako imefungwa kwa BitLocker. Usipaparike. Kama ulikuwa unaingia kwa akaunti ya Microsoft, chukua simu, ingia `account.microsoft.com/devices/recoverykey`, utaukuta. Kama hujaupata, simama hapohapo: bila ufunguo huo hakuna atakayesoma diski ile, na kuifuta ni kuaga kazi yako.

Sasa uko kwenye kioo cheusi kinachoonyesha `X:\`. Chomeka flashi, kisha andika:

```
diskpart
list volume
exit
```

Utaona orodha ya sehemu za diski, herufi zake na ukubwa wake. Orodha hiyo unaihitaji kwa sababu herufi hubadilika hapa: kile unachokijua kama `C:` kinaweza kuwa `D:`. Tafuta sehemu kubwa yenye `NTFS`, hiyo ndiyo yako. Flashi utaijua kwa ukubwa wake. Ndani ya `diskpart` usiandike neno lingine lolote zaidi ya hayo, maana ni chombo kinachofuta bila kuuliza mara mbili.

Tuseme diski yako ni `D:` na flashi ni `E:`. Andika, ukibadilisha `JINA` liwe jina la folda yako:

```
robocopy D:\xampp\htdocs E:\okoa\htdocs /E /R:1 /W:1
robocopy D:\xampp\mysql\data E:\okoa\data /E /R:1 /W:1
robocopy D:\Users\JINA E:\okoa\JINA /E /XJ /XD AppData /R:1 /W:1
robocopy D:\Users\JINA\AppData\Roaming\Microsoft\Word E:\okoa\word /E /R:1 /W:1
```

Usiache `/R:1 /W:1`. Bila maneno hayo, `robocopy` ikikuta faili moja lisilosomeka itajaribu tena na tena, mara milioni moja, ikipumzika nusu dakika kila mara. Utalala na kuamka iko kwenye faili lilelile. Na `/XJ` inaizuia isizunguke ndani ya njia za mkato ambazo Windows huzificha katika folda ya mtumiaji.

Kama amri zinakutisha, ipo njia nyingine: andika `notepad` kwenye kioo hichohicho. Notipadi itafunguka. Ingia sehemu ya kufungua faili, badilisha aina ya mafaili iwe mafaili yote, na dirisha lile dogo litakuwa kama mtafuta mafaili wa kawaida: bonyeza kitufe cha kulia juu ya folda, nakili, nenda kwenye flashi, bandika. Kasoro yake ni kwamba haikuonyeshi maendeleo. Dirisha linakaa kama limekufa hadi linapomaliza. Tazama taa ya flashi kama inayo, subiri.

Robocopy ikimaliza inakupa jedwali dogo. Soma safu ya mafaili yaliyoshindwa. Ikiwa sifuri, umefaulu. Ikiwa si sifuri, panda juu ya kioo uone ni faili gani. Picha moja ya sherehe haina neno. `ibdata1` ina neno.

Kwa msichana wetu kunakili kulichukua muda, kwa kuwa folda ya `htdocs` ilikuwa na maelfu ya mafaili madogo ya maktaba za JavaScript, na flashi za bei rahisi huchoka na vitu vidogo kuliko vikubwa. Hilo si dalili mbaya. Dalili mbaya ni diski kutoa mlio wa tik-tik, au kunakili kusimama dakika kadhaa kwenye kila faili la pili. Hapo si Windows iliyokufa, ni diski inayokufa. Chukua mradi kwanza, kisha ripoti, mengine baadaye, na usiendeshe `chkdsk` kabla hujamaliza, kwani inaichosha diski iliyo hoi. Diski ya namna hiyo usiiwekee Windows usiku huo. Tafuta mashine ya kuazima.

Na kwa kweli, hata kama diski ni nzima, hapa ndipo pa kujiuliza tena kuhusu kuazima. Kazi iko kwenye flashi. Kama jirani ana laptopu anayoweza kukupa hadi kesho mchana, weka XAMPP humo, rudisha data, lala mapema. Kuweka Windows upya ni kwa asiye na wa kumwazima, au ambaye mashine ya jirani haitabeba mradi wake. Msichana wetu alikuwa na jirani mwenye flashi ya Windows, lakini laptopu yake yenyewe ilikuwa kazini.

Flashi ya pili

Flashi ya kuwekea Windows inatengenezwa kwenye mashine nyingine nzima, kwa chombo cha Microsoft kinachoitwa Media Creation Tool au kwa Rufus. Inahitaji flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, na faili la Windows lenyewe ni gigabaiti kadhaa. Kwa anayenunua bando la simu, hiyo ni pesa ya kuhesabu. Ndiyo maana inafaa kumuuliza fundi au mwenye kibanda cha kuchapisha. Wengi wao wanayo tayari.

Kuna kosa moja linalotokea sana, nalo linaumiza kuliko yote. Chombo kinachotengeneza flashi ya Windows kinafuta kila kilichokuwemo. Mtu anaokoa kazi yake kwenye flashi, anaipeleka kwa fundi, anasema “niwekee Windows humu,” na fundi anafanya alichoambiwa. Iwapo una flashi moja tu, igeuze kwanza, kisha nakili kazi yako ndani yake. Folda ya `okoa` inaweza kukaa kando ya mafaili ya Windows bila kugombana nayo, mradi nafasi ipo. Na hata kama kioo cha buluu hakikujitokeza, flashi hiyo ya Windows inakupa kioo cheusi pia: ikishafunguka, bonyeza Shift na F10.

Jirani alipomletea flashi ilikuwa saa nne. Alimwambia mlangoni, “Dada, ukifika pale wanapoonyesha diski, usiguse `Formater`, usiguse `Supprimer`. Chagua tu, uende mbele.”

“Asante, kaka. Na nikikosea?”

“Zima mashine kabla hujabonyeza. Si baada.”

Kuweka Windows

Kabla ya kuanza, angalia mita. Umeme wa REGIDESO wa kulipia kabla huisha kimyakimya, na kwa mashine isiyo na betri mita iliyoisha ni sawasawa na umeme uliokatika. Nunua yuniti kabla hujachomeka chochote. Kisha, kama una flashi mbili, chomoa ile yenye kazi yako, uiweke mbali. Si kwa uchawi. Ni kwa sababu hutaki ionekane kwenye orodha ya diski unapokuwa na usingizi.

Chomeka flashi ya Windows, washa mashine, na ubonyeze kitufe cha kuchagua mahali pa kuanzia: kwa HP ni F9 (kwa baadhi unabonyeza Esc kwanza), kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12. Kama flashi inaonekana mara mbili kwenye orodha, chagua ile iliyoandikwa UEFI. Ukichagua nyingine, baadaye unaweza kuambiwa Windows haiwezi kuwekwa kwenye diski ya mtindo wa GPT. Ukikutana na ujumbe huo usifute diski kama wanavyoshauri wengi. Toka, uanze tena kwa UEFI.

Ukiombwa ufunguo wa bidhaa, bonyeza `Je n'ai pas de clé de produit`. Kama mashine ilikuwa na Windows 10 halali, itajitambua yenyewe ikipata intaneti, ilimradi umechagua toleo lilelile: `Famille` kwa `Famille`, `Professionnel` kwa `Professionnel`. Halafu chagua `Personnalisé`.

Sasa inakuja orodha ya diski, ile aliyoisema jirani. Kuna sehemu ndogo ndogo mbili tatu na moja kubwa. Iguse ile kubwa, usiiondoe wala usiifomati, bonyeza `Suivant`. Kiboksi kitakwambia mafaili ya Windows ya zamani yatahamishiwa kwenye folda ya `Windows.old`. Hicho ndicho unachokitaka. Windows ya zamani, programu zake na folda ya `Users` vinasogezwa kando, na folda nyingine zilizoko moja kwa moja kwenye `C:`, ikiwemo `C:\xampp`, zinabaki palepale. Gharama yake ni nafasi: uwe na gigabaiti 20 hivi zilizo wazi. Diski iliyojaa pomoni itakataa.

Hii ndiyo sababu nyingine ya kuchagua njia hii badala ya kufuta na kuanza upya. Umeshaokoa kazi kwenye flashi, sawa, lakini flashi nazo hufa, hupotea, hulowa. Usipofomati, una nakala mbili.

Mashine ikijizima mara ya kwanza ili ianze tena, chomoa flashi ya Windows. Usipoichomoa, nyingi zitarudi kwenye flashi na kuanza safari upya, nawe utadhani imekwama.

Huko Carama umeme ulikatika tena, ikiwa karibu saa tano na nusu, mafaili ya Windows yakiwa bado yananakiliwa. Giza. Mama yake akauliza kutoka chumba cha pili, “Mwanangu, bado hujamaliza?” Bado. Hakuna la kufanya hapo zaidi ya kuchomoa chaja ili mshtuko wa umeme unaporudi usiipige mashine, na kukaa. Uliporudi, alichomeka flashi, akaanza kutoka F9, akapita njia ileile bila kufomati. Ukiwekwa kwenye hali hiyo, baadaye unaweza kukuta folda mbili, `Windows.old` na `Windows.old.000`. Fungua zote mbili. Mafaili yako yamo katika mojawapo.

Kwenye diski ya kuzunguka kazi nzima ni kama saa moja. Kwenye SSD ni nusu yake au chini. Ikifika kwenye maswali, usiunganishe intaneti. Sema `Je n'ai pas Internet`, kisha chagua kuendelea na usanidi wa kikomo, utengeneze akaunti ya hapohapo kwenye mashine. Ukiunganisha mapema, Windows itaanza kuvuta masasisho, na bando lako litaisha kabla hujafungua mradi. Utakapohitaji intaneti kweli, na Wi-Fi ikawa haionekani kwa kukosa dereva, unganisha simu kwa waya wa USB na ushiriki data. Mara nyingi Windows huitambua bila kuongezewa kitu. Papo hapo ingia kwenye mipangilio ya muunganisho huo, uwashe `Connexion limitée`.

Kuufufua mradi

Fungua `C:\xampp`, ubonyeze `xampp-control.exe`, kisha uwashe Apache na MySQL. Kama dirisha linalalamika kwamba `VCRUNTIME140.dll` haipo, XAMPP haijaharibika. Inakosa maktaba ya Visual C++ ambayo iliondoka na Windows ya zamani. Inapakuliwa kutoka Microsoft, ni makumi machache ya megabaiti, na simu inatosha kuileta.

Apache iliwaka kwa msichana wetu. MySQL haikuwaka. Iliandika kwa wekundu `Error: MySQL shutdown unexpectedly.` Ujumbe huu ni wa kawaida baada ya umeme kukatika data ikiwa inaandikwa, na huu ndio wakati ambao watu huondoa XAMPP yote na kuiweka upya, hifadhidata ikaondoka nayo. Fanya hivi badala yake. Ndani ya `C:\xampp\mysql` badilisha jina la folda `data` liwe `data_zamani`. Kando yake kuna folda iitwayo `backup`, ambayo XAMPP ilikuja nayo ikiwa safi. Inakili, na nakala hiyo uiite `data`. Kisha kutoka `data_zamani` chukua folda ya hifadhidata yako pamoja na faili la `ibdata1`, uvitie kwenye `data` mpya, ukikubali kufunika `ibdata1` iliyomo. Folda za `mysql`, `performance_schema` na `phpmyadmin` usizihamishe. Hizo ndizo mara nyingi zimeharibika. Washa MySQL tena.

Ikiwaka, usiende kuangalia rangi za kurasa. Hifadhidata iliyorudishwa kwa njia hii inaendeshwa na kumbukumbu za seva zisizo zake, inaweza kufanya kazi leo na kugoma kesho. Ingia phpMyAdmin, chagua hifadhidata yako, bonyeza `Exporter`, pata faili la `.sql`. Lifungue kwa Notipadi, shuka hadi kwenye mistari ya `INSERT INTO`, uone majina ya wanachama kwa macho yako. Faili lenye `CREATE TABLE` pekee ni maboksi matupu. Likiwa sawa, nakili kwenye flashi. Kuanzia hapo mradi wako unaweza kuinuliwa kwenye XAMPP yoyote, ya mwalimu au ya maabara, kwa dakika chache, na ile `data` ya wasiwasi huitegemei tena.

Data ikishatulia, fungua `localhost`, ingia kama mhazini, weka mchango mmoja wa majaribio, ufute. Jaribu pia ukurasa wa kuchapisha risiti, au popote programu inapoandika faili, maana ruhusa za folda hubadilika Windows ikibadilika na makosa ya namna hiyo hujitokeza mbele ya watu.

Ripoti inabaki. Office imeondoka na Windows ya zamani. Mafaili yake yamo `Windows.old` lakini hayafunguki kama programu. Usiku huo usihangaike kuitafuta. LibreOffice itafungua ripoti, ila inaweza kusogeza majedwali na namba za kurasa, na hutaki kugundua hilo kwenye karatasi zilizokwisha kuchapwa. Njia ya msichana wetu ilikuwa hii: alisoma ripoti kwenye simu, akaona aya mbili za mwisho hazimo, akajua ziko kwenye lile faili la `.asd`. Asubuhi alifika kwenye kibanda cha kuchapisha kinapofunguliwa, akaomba Word ya pale, akaenda sehemu ya `Récupérer des documents non enregistrés`, akafungua faili lake kutoka kwenye flashi, akanakili aya zile ndani ya ripoti, akaigeuza kuwa PDF hapohapo kabla ya kuichapa.

Kutoka Carama mapema hivyo kulikuwa na sababu nyingine pia. Mafuta yanapoadimika mabasi ya kwenda mjini huwa machache, na foleni ya asubuhi haijui mradi wa mtu. Mkobani alikuwa na laptopu, chaja, na flashi yenye vitu vinne: folda ya `htdocs`, faili la `.sql`, ripoti ya PDF, na picha za kurasa za programu alizopiga usiku baada ya kila kitu kuwaka, kwa ajili ya ukumbi ambao huenda ukawa hauna umeme.

`Windows.old` usiifute wiki hiyo. Inakula nafasi, lakini ndani yake kuna vitu utakavyovikumbuka siku ya tatu: picha, vyeti vilivyoskaniwa, barua ya maombi ya kazi. Ingia `C:\Windows.old\Users`, ukizuiwa bonyeza `Continuer`, nakili unachokitaka. Fanya hivyo mapema, kwa kuwa Windows yenyewe ina tabia ya kuifuta folda hiyo baada ya muda. Na kama ni Windows 10, kumbuka Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukishapata alama zako, angalia kama mashine ina TPM 2.0 na prosesa inayokubaliwa na Windows 11. HP nyingi za zamani hazina, na kwa hizo Linux Mint inafaa zaidi. XAMPP nayo ina toleo la Linux, na faili lako la `.sql` litaingia humo bila kubadilishwa.